Mtetemo Mmoja Mfupi

Niliondoka mtaa wa Kianda asubuhi bila mpango. Binamu yangu, ambaye nilikuwa nikilala sakafuni kwake, alianza kukunja blanketi nikiwa bado juu yake, na mambo yakishafika hapo huna haja ya kungoja maelezo. Hakunifukuza. Alinimiminia chai, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaniangalia nikifunga mkoba.

"Leo unaenda wapi?"

"Huko."

"Huko ni wapi?"

"Nitajua nikifika."

"Wewe buda utazikwa ukiwa umevaa viatu," akasema, akacheka, nami nikacheka, kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo wetu anayejua kunitania bila kunihubiria.

Niliacha shule mapema na tangu hapo sijawahi kukaa mahali mpaka nikamjua kila jirani. Si kwamba nakimbia kitu. Ni kwamba nikishajua maji huchotwa wapi, nani anagombana na nani, na mbwa gani huuma, mahali hapo huniishia. Nilipanda hadi Olympic, nikavuka Ngong Road, nikashika Naivasha Road kwa miguu, mkoba ukinigonga mgongoni. Jua lilikuwa limeshaanza kuuma nilipokata kuingia Kongo, upande wa Kawangware, nikasikia mashine ya kusaga unga.

Mashine yoyote inayozunguka hunivuta. Nimesimama mbele ya mashine za kuchonga funguo, za kushona viatu, za kukamua miwa, nikaulizwa mara nyingi kama nimepotea. Hii ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, ikinguruma kiasi kwamba mabati yenyewe yalikuwa yakiimba. Mlangoni palikuwa na foleni ya madebe. Ndani alikuwako mama mmoja wa makamo, mweupe kwa unga kuanzia kilemba hadi viatu, akimwaga mahindi kwa mkono mmoja na kushikilia gunia kwa mwingine. Alikuwa na saa nyeusi mkononi, zile za kisasa zinazounganishwa na simu, ameizungushia kitambaa ili unga usiingie. Kila alipotua debe aliitazama.

Nilidhani ana haraka. Lakini mtu mwenye haraka akiangalia saa, halafu huangalia kazi iliyobaki. Huyu aliangalia saa, akaigonga kwa kidole, akaiangalia tena.

Stima ikapotea. Mashine ikashuka sauti polepole, ikalia kama mtu anayelalamika usingizini, ikanyamaza. Foleni yote ikapiga kelele kuilaumu serikali, kisha wakaacha madebe yao pale na kutawanyika. Mama akakaa juu ya gunia. Nikabaki mlangoni peke yangu.

"Na wewe hata debe huna," akasema.

"Nilikuwa naangalia mashine, mama."

"Imezima."

"Naona. Sasa naangalia saa yako."

Akaifunika kwa kiganja, kama vile ningeichukua. Kisha sijui aliona nini usoni mwangu. Akaifunua.

"Hii alininunulia binti yangu akienda Arabuni. Alisema, 'Mama, kwa mashine hutasikia simu, lakini mkono utasikia.' Nami simu naiweka pale." Akaonyesha kopo la plastiki rafuni, lenye kifuniko, kwa sababu unga ulishamuulia simu mbili. "Hapo mwanzo ilikuwa inatetemeka vizuri. Siku hizi imekufa, na haijafa. Inaonyesha saa, inahesabu hatua. Lakini haiongei."

Nikaweka mkoba chini. Akanisimulia yaliyobaki bila kuombwa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigania nafasi na mashine, akiipaza ingawa palikuwa kimya.

Binti yake ni mfanyakazi wa nyumbani. Simu yake hukaa na mama mwenye nyumba, naye hupewa kwa muda mfupi, wakati usiojulikana, labda akiwa anaanika nguo juu ya paa. Haandiki ujumbe, kwa sababu mwenye nyumba huusoma. Hupiga tu, huongea haraka, hufuta. Ukimpigia wewe, simu imezimwa. Mara ya mwisho walipoongea, binti alisema anahamishwa kwenda kwa dada ya mwenye nyumba, mji mwingine, na hajui kama huko ataruhusiwa simu hata kidogo. "Nikijua jina la mji na la hao watu nitakupigia, Mama. Shika simu." Ndiyo maneno ya mwisho.

"Na ofisi iliyompeleka?"

"Namba yao haipatikani. Nilienda hapo, nikakuta wanauza mapazia."

Hakusema itakuwaje binti akihamishwa kabla hawajaongea. Alichukua unga uliomwagika, akaupanga kwa kidole kuwa mstari, akaufuta.

"Ilikufa lini?" nikauliza.

"Haikufa yenyewe. Nilimpelekea huyo." Akaonyesha ng'ambo ya njia, kibanda cha fundi wa simu. "Grupu zilikuwa zinanimaliza. Ya matanga, ya chama, ya kwaya. Mkono wangu unatetemeka kutwa, nazima mashine nikidhani ni yeye, kumbe ni mtu anasema amina. Halafu mwingine, amina. Watu mia na amina zao! Wateja wakaanza kunung'unika. Nikamwambia fundi, toa hizi grupu kwa mkono wangu, lakini simu niachie."

"Twende."

"Wewe ni fundi?"

"Mimi si kitu, mama. Nataka tu kujua."

Akaangalia waya wa stima juu, akaona hakuna dalili, akachukua kopo lake na kuvuka nami.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye tochi ya kichwani. Alipomwona mama akainua mikono.

"Mathe! Usiniambie ni ile saa."

"Ni ile saa."

"Si nilikupangia? Grupu zimeacha kukusumbua ama hazijaacha?"

"Zimeacha."

"Basi!"

"Kila kitu kimeacha."

Akaichukua simu, akafungua app inayoiongoza saa, akatuonyesha bila kinyongo. Palikuwa na swichi moja juu, ya simu zinazoingia, imewashwa. Chini yake kulikuwa na app zote za simu, kila moja na swichi yake: ni zipi zinaruhusiwa kugusa mkono. SMS imewashwa. WhatsApp imezimwa. "Grupu ziko WhatsApp, nikazima WhatsApp. Simu nikaacha on. Niaje, mzee, kuna makosa hapo?" Aliniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa nimeinama karibu mno.

Sikuona kosa. Niliona alifanya alichoombwa.

"Mpigie," nikasema.

Akairudisha simu ndani ya kopo, akampigia mama kwa laini ya kawaida. Simu ikalia ndani ya kopo, na kwenye mkono wa mama saa ikaanza kutetemeka, ndefu, bila kuacha, kama nyuki chini ya glasi. Mama akafumba macho.

"Umeona, mathe? Iko hai," akasema fundi.

Hapo ndipo swali liliponijia, wala si kwa akili nyingi, ila kwa kuwa nimewahi kuishi kwa bundles za intaneti tu. "Binti yako hupiga kwa laini, ama kwa WhatsApp?"

"WhatsApp. Ile nyingine huko ni ghali, hawezi."

Nikaomba namba ya mama, nikaihifadhi, nikampigia kwa WhatsApp kwa simu yangu. Ndani ya kopo simu ikaimba wimbo wake wote. Sisi watatu tukaitazama saa. Ilituonyesha wakati na idadi ya hatua. Haikutetemeka. Nikaacha iite mpaka ikakata yenyewe.

"Aisee," akasema fundi, polepole.

Kwa ile saa, simu ya WhatsApp haikuwa simu. Swichi ya juu ilijua laini tu. Kila kilichotoka WhatsApp, iwe amina ya kwaya au sauti ya mtoto kutoka Arabuni, kilipita kwenye mlango mmoja, na mlango huo tuliukuta umefungwa.

Nilitamani kuishia hapo, kuwasha swichi na kupongezana. Lakini mama alikuwa amefikiri mbele yetu. "Kama alipiga," akasema, "itaonekana wapi?"

Fundi akaitoa simu kwenye kopo, lakini hakutaka kufungua. Niliona kidole chake kikizunguka juu ya kioo. Arifa za simu alizokosa mama zilikuwa zimezama chini ya mamia ya ujumbe wa grupu, na yeye huwa hafungui huko; huusubiri mkono. Fundi akafungua sehemu ya simu zilizopigwa. Juu kabisa nilikuwa mimi. Chini yangu jina la binti, kwa rangi nyekundu. Chini yake, jina la binti. Chini yake tena. Jana asubuhi, kabla yake Jumapili, kabla yake wiki iliyopita.

Mama alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kutoka chini kwenda juu, hadi akafika jana.

"Jana asubuhi nilikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwa hapa," akajijibu. "Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa naiangalia."

Tukampigia. Fundi akaiweka kwenye spika, juu ya meza, katikati ya betri na bisibisi. Kioo kiliandika kwamba inapiga. Ukimpigia mtu ambaye simu yake iko hewani, neno hilo hubadilika na kusema inalia. Mimi na fundi tulijua hivyo, nadhani na mama alijua, kwa jinsi alivyokuwa akilikodolea macho lile neno. Halikubadilika. Tulipiga tena. Halikubadilika. Watu walipita njiani na mitungi, mmoja akamsalimia fundi, "Sasa!", naye akaitikia kwa kichwa tu.

"Mathe, pole," fundi akasema. "Nisamehe. Niliona swichi imeandikwa simu, nikajua ni simu."

"Ungejuaje, nyathina." Alimwita hivyo kwa upole, yaani mwanangu kwa Kijaluo, kama vile yeye ndiye aliyekuwa na wajibu wa kutufariji. Upole huo ulitushinda kuliko kama angetutukana.

Kilichobaki mikononi mwetu kilikuwa kidogo, tukakifanya. Fundi akawasha swichi ya WhatsApp, na hapo hapo mkono ukaanza: mtetemo mmoja mfupi, mwingine, mwingine. Grupu ya matanga ilikuwa inapanga tenti na viti. Kila mtetemo, mama alikuwa akiruka.

"Toka kwenye hizi grupu, mathe, tumalize."

"Yawa! Nitoke kwa grupu ya matanga? Iandikwe huyu ametoka, watu wote waone? Siku yangu nikifa nani atakuja?"

Alikuwa na haki. Sijawahi kudumu kwenye grupu yoyote, lakini hata mimi najua kwamba kujitoa kwenye ile ya kuzika ni kuwaambia watu kwamba huna haja nao mpaka mwisho. Nikamwonyesha njia nyingine. Ndani ya WhatsApp yenyewe unashikilia kidole juu ya jina la grupu, unabonyeza alama ya kengele iliyokatwa, inakuuliza: masaa manane, wiki moja, au siku zote.

"Wataona kwamba nimewanyamazisha?"

"Hapana. Wao wataendelea na amina. Ujumbe utaukuta ndani ukitaka kusoma. Ila hautakupigia kelele, wala kwa simu wala kwa mkono."

"Na yeye?"

"Yeye si grupu. Yeye hatujamgusa. Akipiga, itapita."

Akasema siku zote. Tukanyamazisha ya matanga, ya chama, ya kwaya, ya ploti, ya wazazi wa shule ambayo binti alimaliza zamani na bado watu walikuwa wakiuziana sare humo. Mkono ukatulia. Fundi alikuwa ameanza kutabasamu wakati ulipotetemeka tena, mfupi, na mama akakamata kopo kwa mikono miwili hadi kifuniko kikaruka.

Ulikuwa ujumbe wa katibu wa chama. Alikuwa amemtaja mama kwa jina, na ile alama ya @ mbele ya jina, kumuuliza ataleta sufuria gani Jumamosi.

"Si tumewanyamazisha?" mama akafoka.

"Ukitajwa hivyo hupita, mathe. Hata kama umeizima."

Mama akashika kitufe cha kurekodi sauti, akauleta mdomo karibu na simu. "Dada zangu wa chama, nawapenda. Nitaleta sufuria kubwa. Lakini mtu asinitaje kwa jina humo ndani mpaka niseme. Asanteni." Kisha akatuuliza, kwa sauti ndogo, "Sasa ikinyamaza, nitajuaje kwamba ni kimya cha kweli?"

Ni swali ambalo sikuwa nimeliwaza. Zamani zile amina zilimsumbua, lakini zilimwambia kwamba saa inasikia. Sasa kimya cha saa isiyofanya kazi na kimya cha binti asiyepiga vilikuwa sawa mkononi.

"Nitakupigia," nikasema. Fundi akaihifadhi namba yangu kwenye simu ya mama, kwa jina langu, nikapiga kwa WhatsApp. Saa ikatetemeka, mara moja, fupi, na jina likatokea kwenye kioo chake kidogo. Kwa ile saa, simu ya namna hiyo hailii kwa muda mrefu kama ya laini. Hugusa mkono mara moja kama ujumbe, ikaacha. Lakini iligusa. Uso wa mama ulifunguka wote, macho, mdomo, hata mikunjo ya unga, akainua mkono asome. Akasoma jina langu.

Sijui jinsi ya kueleza uso unavyojifunga. Nilikuwa nimesimama mbele yake na simu sikioni, mtu asiyetakiwa na yeyote.

"Inafanya kazi," akasema.

"Inafanya kazi, mama."

Stima ikarudi. Watu wakashangilia njia nzima, wenye madebe wakarudi foleni kutoka kusikojulikana. Mama akavuka bila kutuaga. Nikamwona akiweka simu ndani ya kopo, kopo rafuni, akivuta swichi kubwa, na mabati yakaanza kuimba. Hapo kelele ilimfunika. Mimi na fundi tukakaa tukiangalia mkono wake wa kushoto ukiinuka na kushuka pamoja na debe.

"Msee, tungefanya nini kingine?" akaniuliza fundi.

"Sijui."

"Kuna kitu kingine kwa settings?"

"Hakuna."

Akaninunulia chai kwa jirani yake, yaani aliagiza vikombe viwili na akakataa nilipe. Tulizungumza juu ya betri. Alinionya kwamba simu zingine, zikiokoa chaji, huiua ile app ya saa kimyakimya, na saa inabaki inahesabu hatua tu. Akakumbuka, akakimbia ng'ambo, akarudi na simu ya mama, akaiondoa app hiyo kwenye kuokoa chaji, akairudisha mbio. Alifurahi sana kupata kitu cha kufanya. Nilimwonea wivu.

Jua lilipoanza kulala mama alinijia mwenyewe, akifuta mikono kwa leso. Sikuwa nimeondoka. Kwa kawaida, nikishajua kilichoharibika, miguu yangu huanza kuwasha. Siku hiyo haikuwasha.

"Wewe unalala wapi?"

"Bado sijui."

"Kwa hiyo ule mkoba ndio nyumba."

"Kwa sasa."

"Njoo."

Nyuma ya mashine kulikuwa na ploti ya mabati yenye uwanja mwembamba katikati na bomba moja. Mwenye ploti na mashine, shosho mmoja mfupi, bikizee aliyezaliwa hapo hapo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akichambua maharagwe. Aliniangalia kuanzia viatuni.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wangu," mama akasema.

"Wa lini?"

"Wa leo."

Shosho akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Akauliza kama navuta sigara, kama nina mke anayekuja kupiga kelele, kama najua kutengeneza bomba. Akanipa ufunguo wa chumba cha mwisho, ukuta mmoja na kibanda cha mashine. "Utasikia kelele," akaonya. Nikamwambia napenda kelele.

Mlangoni mama akanishika kiwiko. Alikuwa amepanga masharti tayari. Nimpigie mara moja asubuhi akishawasha mashine, na mara moja jioni kabla hajazima. Nisiache ilie sana, nikate upesi. "Binti yangu akipiga wakati huo akakukuta wewe kwa simu, je?" Kama mkono utatetemeka, atainua mkono nimwone. Kama hautatetemeka, nije nikimbie. Na nisimwite kwa simu kwa jambo lingine lolote, hata kama nyumba inaungua. Nije kwa miguu.

"Nimeelewa, mama."

"Mpaka lini utakaa?"

Huwa nina jibu la swali hilo. "Tuone," nikasema.

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao bila godoro na kalenda ya mtu aliyehama. Ukuta ulikuwa ukitetemeka kwa mashine. Niliweka kiganja, nikausikia hadi kwenye bega. Nikatoa blanketi, nikaketi, nikaacha mlango wazi. Kutoka hapo nilimwona mama kupitia uwazi wa mabati, mweupe tena, akiinua debe la mwisho.

Nikafungua jina lake, nikabonyeza. Kioo kiliandika kwamba inapiga. Kisha neno likabadilika: inalia.

Kule ndani alishtuka, debe likayumba, mahindi yakamwagika kidogo. Akaangalia mkono. Akausoma muda mrefu kuliko jina langu lilivyo. Kisha akageuka kuelekea mlango wangu na kuuinua mkono, juu, wazi, ili nione.

Nikakata.